Pikipiki ya Mkataba: Kutoka Mali Kauli Hadi Kijiwe cha Isaka

Asubuhi moja mwaka juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Isaka. Hakunisalimu kama ilivyo desturi yake. Alisema tu, "Mjomba, wamekuja kuichukua." Nikamuuliza nani, na nini. Akajibu kwamba tajiri wake alifika alfajiri na kijana mwingine, akatoa ufunguo wa akiba mfukoni, na pikipiki ikaondoka uani huku yeye amelala ndani na mguu ukiwa kwenye plasta.

Wasomaji wa miji mikubwa wanaijua Isaka kwa jina la bandari kavu tu. Ni mji mdogo katika reli ya Tabora kwenda Mwanza, ambako makontena ya Rwanda na Burundi hushushwa kutoka kwenye mabehewa na kupakiwa kwenye maroli yanayopita Kahama kuelekea Rusumo. Palipo na maroli, madereva, makuli na wachimbaji wanaokwenda na kurudi Kahama na Geita, bodaboda hakosi abiria. Kwa kijana asiye na ng'ombe wa kuuza wala shamba la maana, pikipiki ndiyo kazi. Na kwa kuwa hana fedha za kuinunua kwa mkupuo, anaipata kwa njia moja: mkataba.

Neno hili lina maana maalumu vijiweni. Anayeazima chombo kwa siku moja ni deiwaka. Anayeendesha cha mtu na kumpelekea mwenyewe fedha kila jioni anapeleka hesabu. Lakini anayeendesha "ya mkataba" anapeleka hesabu akijua kwamba baada ya miezi kadhaa chombo kitakuwa chake. Mwenye chombo, awe na fedha nyingi au kidogo, huitwa tajiri. Tajiri wa mpwa wangu alikuwa mwalimu mstaafu aliyenunua pikipiki mbili kwa kiinua mgongo chake. Nalitaja hilo mapema ili msomaji asidhani nitasimulia habari za mnyonyaji mwenye tumbo kubwa.

Nilipofika Isaka wiki iliyofuata niliomba kuusoma mkataba. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, umechapwa stendi, una mhuri wa ofisi ya mtendaji na sahihi za mashahidi wawili. Pikipiki ilikuwa imenunuliwa dukani kwa shilingi 2,600,000 taslimu. Mpwa wangu alitakiwa kulipa shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 65. Jumla ni shilingi 3,900,000. Ile nyongeza ya shilingi 1,300,000 haikuitwa riba popote. Karatasi nzima haikuwa na neno riba wala neno mkopo. Fedha za kila siku ziliitwa "kodi ya matumizi". Mafuta, matengenezo, faini za barabarani na hasara ya ajali vilikuwa juu ya mwendeshaji. Na kipengele cha sita kilisema kwamba mwendeshaji akikosa kulipa siku saba mfululizo, chombo kitarudi kwa mmiliki, na fedha zote zilizokwisha kulipwa zitahesabiwa kuwa kodi ya muda alioutumia.

Alikuwa amelipa wiki 52 bila kuruka hata moja. Hiyo ni shilingi 3,120,000. Zilibaki shilingi 780,000. Ndipo alipoteleza na abiria kwenye kokoto, akavunjika mguu, akalala wiki tatu bila kupeleka hesabu. Deni lake siku ile pikipiki ilipochukuliwa lilikuwa shilingi 180,000.

Nilikwenda kumwona yule mwalimu. Nilimpa shikamoo, akaipokea, akanikaribisha kwenye kiti chini ya mwembe. Hakuwa na hasira. "Dokta," aliniambia, "wewe umesoma kuliko mimi. Kisome kipengele cha sita. Kijana hakununua pikipiki, alikuwa amekodi. Ukikodi nyumba ukashindwa kodi, unadai urudishiwe kodi ya mwaka jana?"

Nilirudi nilikofikia nikiwa sina jibu la haraka. Hoja yake ilikuwa na nguvu, na nguvu yake haikuzaliwa Isaka. Nilianza kujiuliza imetoka wapi, kwa sababu nijuavyo mimi si desturi ya huku kwetu.

Huku kwetu, na pwani, tulikuwa na jambo lenye jina la Kiswahili kabisa: mali kauli. Mtu anakabidhiwa bidhaa kwa neno lake tu, anakwenda kuziuza, kisha analeta thamani yake. Biashara yote ya misafara ya karne ya 19 ilisimama juu ya mali za namna hiyo. Wafanyabiashara wenye mitaji wa Unguja, maarufu kati yao akiwa Taria Topan, waliwapa wasafiri vitambaa, shanga na bunduki, nao wakaondoka kwenda Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa kutafuta pembe za ndovu. Tippu Tip mwenyewe alisafiri kwa mali za mkopo. Njia zao zilipita Unyamwezi, si mbali na reli ya leo ya Isaka.

Tazama jinsi mali kauli inavyofanya kazi. Vitambaa vinapotoka ghala la Unguja vinakuwa vya msafiri. Anaweza kuviuza, kuvigawa, hata kuvipoteza, kwa maana ni vyake; alichobaki nacho mdai ni deni. Msafiri akikwama bara asirudi pwani, mdai hana vitambaa vya kufuata. Ana jina la mtu, basi. Mfumo huo ulikuwa na ukatili wake, na madeni yalimfunga mtu maisha, ila haukuwa na ule ujanja wa kumfanya mtu alipe bei ya kitu huku akihesabiwa kuwa hajawahi kukinunua.

Ujanja huo ulipata nguvu ya sheria London mwaka 1895, na chanzo chake ni piano.

Mfanyabiashara mmoja wa piano, Helby, alimkabidhi mteja wake Brewster piano kwa malipo ya shilingi 10 na peni 6 kila mwezi kwa miezi 36. Akimaliza, piano ni yake. Kabla ya hapo ni ya Helby, na Brewster alikuwa huru kuirudisha wakati wowote na kuacha kulipa. Baada ya kulipa miezi michache Brewster akaipeleka kwa Matthews, mtu wa kupokea rehani, akachukua fedha. Helby akaidai piano yake kwa Matthews.

Miaka miwili kabla, katika shauri la Lee dhidi ya Butler, mahakama ilikuwa imempa ushindi mtu aliyenunua samani kutoka kwa mama ambaye hakuwa amemaliza kuzilipia. Sababu ni kwamba mama yule alikuwa amekubali kununua, na sheria ya wakati huo ilimlinda mtu wa tatu aliyenunua kwa nia njema kwa mtu aliyekwisha kukubali kununua. Matthews alitegemea hoja hiyo hiyo. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likakataa. Brewster, walisema, hakukubali kununua. Alikuwa amekodi na kupewa hiari ya kununua. Kwa kuwa angeweza kuirudisha piano hata siku ya mwisho, hakufungwa kununua, na asiyefungwa kununua hana umiliki wa kumpa mwingine. Helby akapata piano yake.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Ule uhuru wa kurudisha kitu, unaoonekana kama fadhila kwa mnyonge, ndio uliomnyima haki. Kuanzia siku hiyo kila mwanasheria wa kampuni za samani, cherehani na magari alijua namna ya kuandika: usiandike "nimekuuzia kwa awamu", andika "nimekukodisha, ukimaliza utanunua". Ukiuza kwa awamu na umiliki ukahama, mnunuzi akishindwa unabaki na deni la kudai mahakamani, kama mdai wa mali kauli. Ukikodisha, unakwenda kuchukua kitu chako. Karatasi ya stendi ya Isaka inazungumza lugha ya Malodi wale, ingawa aliyeichapa hajawahi kuwasikia.

Lugha hiyo ilifikaje huku? Tanganyika ilipowekwa chini ya Uingereza, amri ya mwaka 1920 iliagiza mahakama zake zitumie, pamoja na sheria nyingine, kanuni za mahakama na sheria za jumla za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Wanafunzi wangu huikariri tarehe hiyo kwa ajili ya mtihani kisha wakaisahau. Katika suala hili ina maana kubwa. Uamuzi wa piano wa 1895 uliingia mlangoni. Kilichokuja Uingereza baada ya hapo hakikuingia chenyewe.

Na kilichokuja baadaye kilikuwa kinga. Kati ya vita vile viwili vikubwa, kampuni za Uingereza zilikuwa na mchezo uliojulikana sana: kusubiri mteja alipe karibu bei yote, na akiteleza malipo machache ya mwisho, gari la kampuni linafika mlangoni na kubeba samani, zikauzwe upya. Ellen Wilkinson, mbunge wa mji wa wafanyakazi wa Jarrow, alipeleka muswada bungeni na mwaka 1938 ukawa sheria. Msingi wake ulikuwa rahisi: mteja akishalipa theluthi moja ya bei, mwenye mali haruhusiwi kuichukua bila amri ya mahakama. Hakimu anaweza kumwongezea muda au kumpangia malipo madogo zaidi. Hivyo Uingereza ilipata silaha mwaka 1895 na ngao mwaka 1938. Tanganyika ilirithi silaha, na mlango ukafungwa kabla ngao haijafuliwa.

Baada ya uhuru nchi zetu zilitunga za kwao. Tanzania ilitunga Sheria ya Ununuzi kwa Kukodi mwaka 1966, na Kenya ikatunga yake mwaka 1968. Ya Kenya ilichukua ngao ya Wilkinson, ila ikaipunguza: mwenye mali anazuiwa kuichukua bila kwenda mahakamani pale mteja anapokuwa amelipa theluthi mbili, si moja. Tena ilitaka mikataba hiyo isajiliwe kwa msajili. Sheria zote hizi zilitungwa zikiwa na picha ya kampuni, duka kubwa, fomu iliyochapwa na mteja mwenye mshahara. Hakuna aliyewaza mwalimu mstaafu na kijana wa kijiwe chini ya mwembe. Katika mikataba saba niliyoisoma Isaka safari ile, hakuna hata mmoja uliotaja sheria ya 1966, na mtendaji aliyegonga mhuri aliniambia kwa uaminifu kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Hebu tuipime hesabu ya mpwa wangu kwa kipimo cha Kenya, kwa mfano tu. Theluthi mbili ya shilingi 3,900,000 ni shilingi 2,600,000, ambayo kwa sadfa ndiyo bei ya dukani. Aliifikia katika wiki ya 44. Kuanzia wiki hiyo tajiri wake alikuwa amekwisha kurudishiwa kila senti aliyoitoa dukani. Kwa kipimo cha Uingereza, yaani theluthi moja, ngao ingemfikia katika wiki ya 22. Kwa karatasi ya Isaka haikumfikia kabisa: katika wiki ya 65, siku moja kabla ya malipo ya mwisho, angekuwa mkodi mtupu sawasawa na alivyokuwa siku ya kwanza.

Kuna jambo la pili katika karatasi ile ambalo huwa halionekani upesi. Kanuni ya zamani ya biashara ni kwamba kitu kikipotea au kuharibika, hasara ni ya mwenye kitu. Mkataba ulimfanya mwalimu kuwa mwenye kitu kwa ajili ya kukichukua, na ukamfanya mpwa wangu kuwa mwenye kitu kwa ajili ya hasara. Pikipiki ingeibiwa wiki ya 50, kijana angeendelea kupeleka hesabu ya chombo kisichokuwepo. Bima iliyokuwepo ilikuwa ile ndogo ya lazima, inayomlipa mtu aliyegongwa na si chombo chenyewe.

Nilimrudia mwalimu na hesabu hizi. Alizisikiliza zote. Kisha akaniambia habari ya pikipiki yake ya pili. Kijana aliyekabidhiwa alilipa wiki tisa, akaelekea machimboni Geita, na hakuonekana tena, yeye wala chombo. "Hiyo nimdai kwa sheria ipi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nyongeza ya shilingi 1,300,000 si faida tupu; ndani yake mna bei ya yule aliyetoroka. Hata hivyo aliyekuwa akiilipa ni kijana aliyebaki. Na pale pale niligundua kwamba pikipiki iliyochukuliwa kwa mpwa wangu ilikwisha kukabidhiwa kijana mwingine kwa shilingi 8,000 kwa siku, siku sita, wiki 50. Akimaliza, chombo kimoja cha shilingi 2,600,000 kitakuwa kimeingiza shilingi 5,520,000. Nilimwonyesha jumla hiyo kwenye karatasi. Aliitazama muda mrefu, akasema hakuwahi kuzijumlisha pamoja.

Wazee wa kijiwe walikaa nasi Jumapili. Baraza la kijiwe halina nguvu ya kisheria, lakini tajiri anayesemwa vibaya kijiweni hapati waendeshaji wazuri. Walizungumza kwa saa mbili, Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika, na mwishowe mwalimu akatoa shilingi 300,000, ambazo alisisitiza ni za matibabu na si kurudisha malipo. Tulizipokea kwa jina hilo.

Siku ile kijiweni nilikutana na kijana mwingine ambaye habari yake ilinifundisha upande wa pili wa suala hili, yaani namna umiliki unavyopita hatimaye. Yeye alimaliza. Alilipa siku ya mwisho, tajiri wake akampa mkono na kumwambia, "Sasa ni yako." Kisheria, kati ya watu hao wawili, hapo ndipo umiliki ulipohama: malipo ya mwisho yamepokelewa, hiari ya kununua imetumika, ukodi umekwisha. Hauhitaji sherehe wala siku nyingine.

Lakini kadi ya pikipiki ilibaki na jina la mtu wa tatu kabisa. Tajiri mwenyewe alikuwa ameinunua mkononi kwa mtu wa Kahama na hakuwahi kubadilisha jina. Kijana alipewa kadi halisi, akaikunja, akaiweka ndani ya nailoni. Miaka miwili baadaye alitaka kuiuza ili anunue bajaji. Mnunuzi akadai kadi iwe na jina la muuzaji. Kubadilisha jina katika Mamlaka ya Mapato kunahitaji mkataba wa mauziano kati ya aliyeandikwa kwenye kadi na anayepokea, vitambulisho na namba za mlipakodi za pande zote mbili, pamoja na kulipa ada na ushuru wa stempu. Mtu wa Kahama alikuwa amefariki, na warithi wake walipofuatwa waliuliza, kwa upole, kwa nini pikipiki ya baba yao iko Isaka.

Kadi si umiliki wenyewe. Ni ushahidi wa mwanzo, unaoweza kupingwa kwa ushahidi mzuri zaidi. Ila huo mzuri zaidi alikuwa hana: malipo yote aliyafanya taslimu, na daftari la hesabu lilikuwa la tajiri. Mpwa wangu angalau alilipa kwa simu, na ujumbe wa kila malipo ulikuwepo. Bila ujumbe huo nisingeweza kuandika namba zozote katika makala haya. Yule kijana bado anaiendesha pikipiki yake. Ni yake, na hawezi kuiuza.

Mpwa wangu alipona. Mwezi uliopita alinitumia picha ya mkataba mpya, wa tajiri mwingine, kabla ya kutia sahihi. "Mjomba, usome kwanza." Niliusoma na kumwandikia mambo mawili ya kuomba yaongezwe. La kwanza, akishalipa nusu ya jumla, chombo kisichukuliwe bila kumpa siku 30 za kulipa malimbikizo yaliyobaki, na kikichukuliwa baada ya hapo, kiuzwe, tajiri achukue salio lake, na kinachozidi kirudi kwa mwendeshaji. La pili, kadi iwe na jina la tajiri mwenyewe tangu siku ya kwanza, na mkataba wa mauziano usainiwe sasa, ukae kwa mtendaji mpaka malipo ya mwisho yatakapokamilika.

Tajiri alikubali la pili bila neno. La kwanza alilipigia mstari, kisha juu ya mstari akaandika kwa kalamu yake "siku 14", na sehemu ya kuuza na kurudisha akaikata yote. Mpwa wangu alitia sahihi Jumatatu.